ERP Haikai Kwenye Kisanduku Kimoja

Kampuni au wizara inapojiandaa kununua mfumo wa ERP, mara nyingi huanza na mchoro wa tabaka nne. Juu kabisa huwekwa biashara, yaani shughuli zenyewe: nani anafanya nini, kwa idhini ya nani na kwa kanuni zipi. Chini yake ipo data, yaani mambo ambayo taasisi inapaswa kuyajua na maana ya kila moja. Zinafuata programu tumizi zinazoishughulikia data hiyo, na chini kabisa ipo teknolojia: seva, kanzidata, mtandao na vifaa. Kisha mtu huchora kisanduku katika tabaka la tatu, akaandika ndani yake "ERP", na kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Ninaupinga mchoro huo pamoja na madai yanayoambatana nao, kwa sababu nimeona maamuzi ya fedha nyingi yakijengwa juu yake. Ili kuona kasoro yake, yafaa kukumbuka kwamba tabaka hizi na ERP zilizaliwa katika nyumba mbili tofauti. Tabaka zilitokana na haja ya kutenganisha mambo. John Zachman alichapisha mfumo wake wa usanifu katika jarida la IBM mwaka 1987, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa kielelezo cha tabaka mwaka 1989, na mwaka 1995 shirika la The Open Group likatoa toleo la kwanza la TOGAF kwa kutumia msingi wa kazi iliyofanywa na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Lengo la wote hao lilikuwa kuiwezesha taasisi kubadilisha kitu kimoja bila kuvuruga vingine. ERP ilitoka viwandani. Ilianza na mipango ya vipuri na malighafi miaka ya 1960, ikaongezwa uhasibu, stoo na rasilimali watu, na mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaipa jina tunalolitumia leo. Thamani yake yote iko katika kuunganisha. Kuitazama kupitia mchoro wa tabaka bila kukumbuka tofauti hiyo ndiko kunakozaa madai yafuatayo.

"ERP ni programu, kwa hiyo mahali pake ni tabaka la programu tumizi"

Dai hili lina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana linadumu. ERP ni programu kweli. Lakini tufuate ununuzi mmoja tuone unapita wapi.

Tuseme kiwanda cha vinywaji kinaagiza mifuko 400 ya sukari ya kilo 50, kila mfuko shilingi 130,000. LPO inasoma shilingi 52,000,000, VAT tukiiweka kando. Mzigo unafika stoo, mtunza stoo anahesabu, anakuta mifuko 390. Anaingiza 390. Papo hapo ERP inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaongeza akiba ya sukari, na inaandika kwenye leja shilingi 50,700,000 za mali iliyoingia, huku kiasi hicho hicho kikisubiri kwenye akaunti ya kati ya mzigo uliopokelewa lakini ankara yake bado. Siku chache baadaye msambazaji analeta ankara ya mifuko 400. Mfumo unalinganisha hati tatu, yaani LPO, hati ya kupokea mzigo na ankara, unaona pengo la shilingi 1,300,000 na kuzuia malipo.

Sasa tuulize kila jambo hapo linakaa tabaka gani. Kanuni kwamba halipwi mtu kabla hati tatu hazijakubaliana ni ya biashara. Vivyo hivyo kiwango cha tofauti kinachovumilika: je, mifuko kumi inamzuia msambazaji, au kampuni iko tayari kulipa ikiwa tofauti haizidi asilimia mbili? Hilo huamuliwa na mkurugenzi wa fedha, wala si fundi, ila makazi yake ni ndani ya ERP, kwenye skrini ya usanidi ambayo mkurugenzi huyo pengine hajawahi kuiona. Rekodi inayosema mfuko mmoja ni kilo 50 ni data. Ikikosewa ikaandikwa 25, na msambazaji akatoza kwa kilo, mfumo utaamini zimeingia kilo 9,750 badala ya 19,500 na kumzuia mtu mwenye haki yake. Ulinganishi wenyewe ni kazi ya programu. Na uwezo wa kuandika stoo na leja kwa pamoja, ili kimoja kisifaulu huku kingine kikishindwa, unatoka kwenye kanzidata, yaani tabaka la teknolojia.

Tuchukue sasa mtandao unaokatika kila alasiri katika ghala la mkoani. Mtunza stoo anaandika kwenye daftari na kuingiza kesho yake, au Jumatatu. Ankara zinatangulia hati za kupokea mzigo, malipo yanazuiwa, wasambazaji wanapiga simu, na ofisi ya manunuzi inaanza kuomba kanuni ya hati tatu ilegezwe. Tatizo la tabaka la chini kabisa limevaa sura ya tatizo la tabaka la juu, na aliyeiweka ERP katika kisanduku kimoja atalitafutia dawa mahali pasipo. Mhasibu mzoefu hulijua mapema kwa kutazama ile akaunti ya kati. Ikiwa salio lake linakua mwezi hadi mwezi bila mzigo kuongezeka, mahali fulani stoo na ankara haziendi pamoja.

TOGAF yenyewe hailitetei dai hili. Katika awamu yake ya C, inayoshughulikia data na programu tumizi, inakiri kwamba mifumo mikubwa kama ERP mara nyingi huja na mchanganyiko wa miundombinu ya teknolojia na mantiki ya biashara, na kwamba taasisi nyingine huufanya usimikaji na uunganishaji wa mifumo hiyo kuwa ndiyo kazi kuu ya usanifu. Mchoro sahihi kwa maoni yangu ni nguzo inayokata tabaka zote nne, nene katikati na nyembamba juu na chini. Ukiuchora hivyo, swali la kikao linabadilika. Badala ya kuuliza ERP iko wapi, mnauliza ni maamuzi gani ya kila tabaka ambayo muuzaji ameshayafanya kwa niaba yenu.

"Ukinunua ERP umenunua pia utaratibu bora wa kazi, hivyo tabaka la biashara limeshajengwa"

Wauzaji hulisema dai hili kwa kujiamini, na katika baadhi ya idara ni kweli. Hakuna kampuni inayopata wateja kwa sababu ya namna ya pekee ya kufunga hesabu za mwezi au kulipa mishahara. Huko chukua utaratibu uliomo ndani ya mfumo, fundisha watu, endelea mbele. Tatizo ni kulipanua dai hilo hadi kwenye mambo ambayo kampuni inaishi kwayo.

Kisa cha Lidl, wauzaji wa vyakula wa Ujerumani wenye maelfu ya maduka Ulaya, kinafundisha zaidi ya vitabu vingi. Mwaka 2011 walianza mradi wa kuachana na mfumo wao wa zamani wa kusimamia bidhaa na kuhamia SAP. Mradi ulifika mbali kiasi cha kuanza kutumika katika nchi chache. Julai 2018 wakausimamisha, kwa maelezo kwamba malengo yake hayangeweza kufikiwa kwa gharama inayokubalika, wakarudi kwenye mfumo wao wa zamani. Vyombo vya habari vya Ujerumani vilikadiria gharama kuwa karibu yuro milioni 500. Sababu iliyotajwa sana ni jambo ambalo kwa asiye mhasibu linaonekana dogo: Lidl walithamini akiba yao kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo wa rejareja wa SAP, kama unavyotoka kwa mtengenezaji, uliithamini kwa bei ya kuuzia.

Si jambo dogo hata kidogo. Chukua pakiti 1,000 za biskuti zilizonunuliwa kwa shilingi 2,000 kila moja na kuuzwa kwa 2,600. Anayethamini kwa bei ya kununulia ana akiba ya shilingi 2,000,000. Anayethamini kwa bei ya kuuzia anaona 2,600,000. Duka likishusha bei hadi 2,400, vitabu vya wa kwanza havitikisiki, lakini vya wa pili vinapungua 200,000 siku hiyo hiyo. Zikiibwa pakiti 50 kabla ya punguzo, wa kwanza anaandika hasara ya 100,000 na wa pili 130,000. Kwa hiyo kila punguzo la bei, kila ripoti ya upotevu, kila kipimo cha kazi ya meneja wa duka kinategemea jibu la swali hilo moja. Ukiligeuza hukubadilisha sehemu moja kwenye skrini. Umegusa maana ya neno "akiba" kwenye tabaka la data, njia ya kuwapima mameneja kwenye tabaka la biashara, na hesabu zote zinazofuata kwenye programu.

Lidl hawakutaka kubadilisha njia yao ya kuthamini, wakataka mfumo ufuate njia hiyo. Siwalaumu kwa kuipenda njia yao. Kampuni inayouza kwa faida nyembamba ina haki ya kuamini kwamba kujua gharama halisi ya kila kilichopo rafuni ndiyo silaha yake. Wangeweza pia kuamua kinyume chake na kubadilisha kampuni ifuate mfumo. Njia zote mbili zina mantiki. Kinachoumiza ni kununua kwanza na kuligundua swali baadaye, kwa sababu tangu hapo kila mwezi unaopita unaongeza msimbo wa kurekebisha juu ya msimbo wa kurekebisha. Thomas Davenport alishaandika mwaka 1998 katika jarida la Harvard Business Review kwamba mifumo ya aina hii huilazimisha kampuni kufuata mantiki ya mfumo, hata pale mantiki hiyo inapopingana na kile kinachoipa kampuni nguvu sokoni.

Upo upande wa pili wa dai hili, ule unaosema "basi tutarekebisha mfumo uendane nasi". Gharama yake inaweza kupimwa. Katika SAP, vitu vilivyoandikwa na mteja mwenyewe hubeba majina yanayoanza na Z au Y, na vyote vimo kwenye jedwali liitwalo TADIR, kwa hiyo fundi anaweza kuvihesabu asubuhi moja. Mabadiliko yaliyoingia ndani ya msimbo wa mtengenezaji mwenyewe ni hatari zaidi, nayo huonekana kupitia SE95. Msanifu anayeambiwa kwamba mfumo "umerekebishwa kidogo tu" aombe orodha hizo mbili kabla ya kukubali. Kila kilichomo ndani yake kitahitaji kupimwa upya kila toleo jipya linapokuja, na bili hiyo haimo kwenye bei ya leseni.

"Data ni suala la kuhamisha faili wiki za mwisho"

Huyu ndiye adui ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu anaonekana mpole. Katika mpango wa mradi huandikwa mstari mmoja, "uhamishaji wa data", karibu na mwisho, na jina la mtu wa TEHAMA mbele yake.

Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilitangaza Januari 2011 kwamba inaingia Kanada kwa kununua haki za upangaji wa maduka ya Zellers kwa dola za Kanada bilioni 1.825. Mifumo yake ya nyumbani, iliyojijengea kwa miaka mingi, haikuandaliwa kwa fedha ya Kanada wala kwa Kifaransa, hivyo ikachagua SAP mpya kabisa kwa ajili ya nchi hiyo. Maduka ya kwanza yalifunguliwa Machi 2013. Ilibidi rekodi ya kila bidhaa iingizwe upya: urefu, upana na kimo cha kifungashio, idadi katika katoni, bei, fedha, namba ya msimbo pau, namba ya ushuru. Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka, mara nyingi na vijana waliokuwa wanategemea taarifa kutoka kwa wasambazaji bila kuwa na uzoefu wa kuwabishia wasambazaji hao.

Uchunguzi uliochapishwa na jarida la Canadian Business mwaka 2016 ulieleza yaliyofuata. Vipimo viliandikwa kwa inchi mahali pa sentimita, upana ukakaa kwenye nafasi ya kimo, tarakimu za msimbo pau zikakosekana. Usahihi wa data katika mfumo wa Kanada ulikadiriwa kuwa karibu asilimia 30, ilhali Marekani ulikuwa kati ya asilimia 98 na 99. Fikiria matokeo yake njia nzima. Mfumo unaodhani katoni ni kubwa kuliko ilivyo unapanga lori lijae kabla halijajaa. Unaodhani bidhaa ni nyembamba unapanga rafu ambayo bidhaa haiingii. Maghala yalifurika huku rafu za madukani zikiwa tupu.

Programu haikukosea. Ilikokotoa kwa usahihi kabisa kutoka kwenye namba za uongo. ERP hukagua kama sehemu ya urefu imejazwa na kama kilichomo ni namba. Haiwezi kujua kama katoni iliyoko Ontario ina urefu huo. Ujuzi huo unatoka kwa mtu mwenye futi mkononi, na kumweka mtu huyo ni uamuzi wa tabaka la biashara: nani anamiliki rekodi ya bidhaa, nani anaruhusiwa kuibadilisha, na nani anaulizwa ikikosewa.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Baadhi ya wachambuzi wa ndani waligundua kwamba wakizima kiashiria cha kujaza rafu moja kwa moja kwa bidhaa fulani, mfumo haukuihesabu tena bidhaa hiyo kuwa imekosekana, na takwimu zao zikapendeza. Kipimo cha biashara kilikuwa kimefungwa kwenye sehemu ya data ambayo mpimwaji mwenyewe aliweza kuigusa. Kosa la namna hii halionekani kwenye mchoro wowote wa tabaka zilizotenganishwa, kwa sababu linakaa katikati ya mbili. Januari 2015 Target ilitangaza kuyafunga maduka yote 133 ya Kanada na karibu watu 17,600 wakapoteza ajira. Bei na maeneo ya maduka vilichangia pia, na itakuwa si haki kuutupia mfumo lawama yote. Lakini duka lisilo na bidhaa rafuni halipati hata nafasi ya kushindana kwa bei.

Namna ya kulipima dai hili ni rahisi na haihitaji mshauri. Miezi sita kabla ya mfumo kuanza, chagua bidhaa 100 bila mpangilio, nenda ghalani, pima na uhesabu kwa mikono, kisha linganisha na rekodi. Zikikosewa 15, hamko tayari, hata kama mafundi wamemaliza kila kitu kwao.

"Tabaka hupangwa kutoka juu kwenda chini: biashara kwanza, teknolojia mwisho"

Ndivyo awamu za TOGAF zilivyopangwa kwa herufi, B kisha C kisha D, na kwa mfumo unaoandikwa kutoka mwanzo mpangilio huo unafaa. ERP iliyokwisha kutengenezwa inauvuruga, kwa sababu uamuzi uliofanyika chini hupanda juu.

Mfano ulio hai sasa ni SAP S/4HANA, iliyotolewa mwaka 2015. Inakubali kanzidata moja tu, HANA. Anayetumia toleo la zamani, ECC, ambalo huduma yake ya kawaida inafikia kikomo mwisho wa mwaka 2027, akitaka kuhamia S/4HANA analazimika kubadilisha kanzidata, kama bado hatumii HANA. Hadi hapo ni jambo la teknolojia. Lakini katika toleo jipya miamala ya fedha na ya gharama imewekwa kwenye jedwali moja kuu, ACDOCA, hivyo wahasibu wa fedha na wahasibu wa gharama, waliozoea kusuluhisha vitabu viwili mwisho wa mwezi, wanakuta kitabu kimoja. Huo ni mgawanyo wa kazi uliobadilika.

Rekodi za wateja na wasambazaji zinagusa watu zaidi. Katika ECC zilikaa mbali mbali, mteja kwenye KNA1 na msambazaji kwenye LFA1, na kila idara ilitunza zake. S/4HANA inataka rekodi moja ya mshirika wa biashara ambayo inaweza kuwa mteja, msambazaji, au vyote viwili, na maandalizi hayo lazima yakamilike kabla ya kuhama. Kampuni ya usafirishaji inayonunua vinywaji kutoka kiwandani na pia kubeba mizigo ya kiwanda hicho sasa ni mtu mmoja. Nani anaruhusiwa kubadilisha namba yake ya benki: mauzo au manunuzi? Ikiwa zamani ilikuwa na namba mbili za mlipakodi zinazotofautiana kwa tarakimu moja, ipi ni ya kweli? Na je, deni lake la vinywaji likatwe kwenye malipo yake ya usafiri? Hakuna aliyeomba maswali haya. Yamezuka kwa sababu ya uamuzi uliofanyika Walldorf, Ujerumani, kuhusu majedwali.

Kwa hiyo ninapendekeza kupita mara mbili. Kwanza kutoka juu, kuandika mambo machache ambayo biashara haitayaachia. Kisha kutoka chini, kusoma kile ambacho bidhaa yenyewe inalazimisha. Pale misafara hiyo miwili inapogongana ndipo kikao cha wakurugenzi kinapohitajika, na ni bora mgongano huo utokee kwenye karatasi kabla ya mkataba kusainiwa.

"Mfumo ni mmoja na uko kwenye wingu, kwa hiyo viunganishi na teknolojia havituhusu"

Kuhusu wingu nitasema machache. Seva zimehama, lakini mtandao wa ghala la mkoani umebaki pale pale, printa ya lebo imebaki, na utaratibu wa kumwondolea mtu idhini siku anapoacha kazi umebaki mikononi mwenu. Kimeongezeka kitu kimoja: matoleo mapya sasa yanakuja kwa ratiba ya muuzaji, hivyo kila kiunganishi mlichojenga lazima kipimwe kwa kalenda ambayo hamkuipanga ninyi.

Kuhusu viunganishi, dai hili huporomoka siku ya kwanza ya mauzo katika Afrika Mashariki. Risiti lazima ifike TRA kupitia mfumo wa EFD, au KRA kupitia eTIMS. Fedha zinakuja kwa M-Pesa na kwa benki kadhaa. Hakuna ERP ya kimataifa iliyozaliwa ikijua mambo hayo. Kila moja hujengewa daraja. Na ugumu wa daraja hilo si kurusha ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kwa sababu hiyo ni kazi ya siku chache kwa fundi mzuri. Ugumu uko kwenye utambulisho. Mteja analipa kwa simu na kuandika mwenyewe kumbukumbu ya malipo: jina lake, jina la duka lake, namba ya ankara yenye tarakimu pungufu, au anaacha chochote kinachokubalika. ERP inataka namba kamili ya ankara. Isipoipata, fedha zinatua kwenye akaunti ya muda, na wahasibu wanashinda wakiwapigia watu simu kuuliza nani kalipa nini, huku mfumo ukiwazuilia mzigo wateja waliokwisha kulipa.

Kampuni nyingi hujaribu kulitibu jambo hili kwenye tabaka la programu, kwa kununua chombo cha kukisia mlipaji kutokana na jina na kiasi. Serikali ya Tanzania ililitibu kwenye tabaka la data. Katika mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017, kila bili hupewa kontroo namba kabla mtu hajalipa chochote. Mlipaji akienda benki au akitumia simu, anaingiza namba hiyo, na taarifa ya malipo inarudi kwenye taasisi husika ikiwa imeshajitambulisha. Kampuni binafsi inaweza kufanya jambo lile lile kwa kiwango chake: ERP itoe namba ya kumbukumbu kwa kila ankara, daraja la malipo liithibitishe namba hiyo kabla fedha hazijapokelewa, na malipo yenye namba isiyokuwepo yakataliwe pale pale kwenye simu ya mteja. Kiufundi hilo linawezekana leo. Kinachobaki ni mtu wa mauzo kukubali kwamba mteja aliyekosea namba atakataliwa na kulazimika kujaribu tena, na idhini hiyo haiwezi kutolewa na idara ya TEHAMA.